Kujitenga na Haki ya Watu Kujiamulia: Azimio la Kairo, Biafra na Uamuzi wa Tanzania wa 1968

Ikisiri

Mwezi Julai 1964, huko Kairo, Tanzania ndiyo iliyopendekeza azimio lililozitaka nchi huru za Afrika ziheshimu mipaka zilizoirithi siku ya uhuru. Mwezi Aprili 1968 Tanzania hiyo hiyo ikawa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, sehemu iliyojitenga na Naijeria. Makala haya yanachunguza iwapo matendo hayo mawili yanapingana. Inadaiwa kuwa hayapingani kwa kiasi kinachodhaniwa mara nyingi, kwani azimio lile lilihusu madai ya dola dhidi ya dola jirani. Hata hivyo, hoja ya Tanzania iliacha maswali matatu bila jibu: watu wanaojiamulia ni nani, mpaka wao upite wapi, na nani aamue kwamba dola imepoteza haki ya kuwatawala. Ni maswali haya, pamoja na hesabu za mali, yanayoeleza kwa nini dola hukataa kumegwa hata pale malalamiko ya wanaotaka kuondoka yanapokuwa ya kweli.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu kujitenga huendeshwa mara nyingi kwa njia mbili zisizokutana. Upande mmoja huanza na watu: watu wana haki ya kujiamulia mambo yao, kwa hiyo wakiamua kuondoka waachwe waondoke. Upande wa pili huanza na dola: dola ina mipaka, mipaka haiguswi, kwa hiyo anayejitenga ni mwasi. Kila upande una maandishi ya sheria ya kimataifa ya kuutetea, na mara nyingi maandishi hayo yamo katika hati moja.

Azimio namba 1514 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 14 Desemba 1960, ni mfano ulio wazi. Aya yake ya pili inatamka kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia. Aya ya sita inatamka kwamba jaribio lolote la kuvunja, kwa sehemu au kabisa, umoja wa taifa na ukamilifu wa eneo la nchi haliafikiani na Katiba ya Umoja wa Mataifa. Waliolipitisha hawakuona mgongano, kwa sababu walikuwa wakifikiria ukoloni. 'Watu' walikuwa wakazi wote wa koloni, na 'nchi' ilikuwa koloni lenyewe baada ya kuwa huru. Mgongano ulijitokeza baada ya bendera za wakoloni kushushwa, pale sehemu ya wakazi wa nchi huru ilipodai kwamba nayo ni watu.

Biafra ndiyo kesi iliyoufikisha mgongano huo kwenye kikomo chake barani Afrika. Inafaa kuchunguzwa kwa undani kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito, na kwa sababu serikali moja ya Kiafrika, ambayo haikuwa na faida ya dhahiri ya kupata, ilijaribu kueleza hadharani ni lini kujitenga kunaweza kuwa halali.

2.0 Kiambishi 'ji' na Swali la Nani

Istilahi za Kiswahili zinazotumika katika mjadala huu zinasaidia kuona kiini cha tatizo. 'Kujitawala', 'kujiamulia' na 'kujitenga' yote yana kiambishi rejeshi -ji-, ambacho huonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni yule yule. Anayetawala ndiye anayetawaliwa, na anayeamua ndiye anayeamuliwa. Kisarufi hakuna utata. Lakini kiambishi hakisemi mtenda huyo ni nani wala idadi yake ni ngapi. Sentensi 'watu wamejiamulia' inakamilika kisarufi kabla haijajulikana kama watu hao ni Wanaijeria, wakazi wa Kanda ya Mashariki, Waigbo, au Waijo wa mdomo wa mto Naija.

Katika 'kujitawala' na 'kujitenga' kuna tofauti nyingine ya kuzingatiwa. Neno la kwanza lilipokewa kwa shangwe katika siasa za miaka ya 1950 na 1960, na la pili lilipokewa kwa shutuma. Hata hivyo, tendo linaloelezwa linaweza kuwa moja. Koloni lililoondoka katika himaya lilisemwa kuwa limejitawala, na sehemu iliyoondoka katika nchi huru ilisemwa kuwa imejitenga. Kinachobadilisha jina ni mahali msemaji anapomweka yule 'ji': akiwekwa nje ya mipaka iliyokubaliwa anatenda halali, na akiwekwa ndani yake anatenda haramu. Kwa hiyo mipaka ndiyo iliyopewa kazi ya kujibu swali la nani. Hili ndilo jambo lililofanywa Kairo.

3.0 Azimio la Kairo na Mantiki Yake

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Adis Ababa tarehe 25 Mei 1963. Katika miezi michache tu wanachama wake walikwisha kupigana juu ya mipaka. Mwezi Oktoba 1963 Moroko na Aljeria zilipigana katika jangwa la mpakani. Mwanzoni mwa 1964 Somalia na Ethiopia zilipigana kuhusu Ogadeni, na katika kaskazini ya Kenya mapigano ya Mashifta yalikuwa yakiendelea. Mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Kairo mwezi Julai 1964 ulikutana katika hali hiyo.

Mwalimu Julius Nyerere alipendekeza azimio ambalo kwalo wanachama wote waliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku walipopata uhuru. Mantiki yake haikuwa kwamba mipaka hiyo ni mizuri. Ilikuwa kinyume chake: kwa kuwa takriban mipaka yote ilichorwa bila kujali watu, kuanza kuirekebisha mmoja hakungekuwa na mahali pa kuishia. Kila nchi ingekuwa na dai dhidi ya jirani yake, na kila jirani angekuwa na dai lake. Somalia na Moroko hazikulikubali azimio hilo.

Jambo moja katika azimio hilo husahauliwa mara kwa mara. Linazungumzia mipaka baina ya nchi wanachama na linawafunga wanachama hao. Halisemi lolote kuhusu watu wa ndani ya nchi wanaotaka kuunda dola yao. Hata hivyo, katika muda mfupi azimio lilianza kusomwa kwa upana zaidi, kana kwamba limekataza pia kumegeka kutoka ndani. Usomaji huo ulikuwa na sababu. Kumbukumbu ya Katanga ilikuwa mbichi: jimbo hilo lilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya Kongo kupata uhuru, likiwa na msaada wa Wabelgiji na fedha za kampuni ya madini, na halikurudishwa hadi Januari 1963. Tangu hapo, katika masikio ya Waafrika wengi neno 'kujitenga' lilikuwa na maana ya njama ya wageni.

4.0 Njia ya Kuelekea Biafra

Naijeria ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa shirikisho la kanda tatu, na baadaye nne. Kanda ya Kaskazini peke yake ilikuwa na watu wengi kuliko kanda nyingine zote zikijumlishwa, na kwa hiyo ilitawala bunge. Tarehe 15 Januari 1966 maofisa vijana wa jeshi, wengi wao wakiwa Waigbo, walimuua Waziri Mkuu pamoja na viongozi wakuu wa Kaskazini na Magharibi. Huko Kaskazini mapinduzi hayo yalionekana kuwa ya kikabila. Mwezi Julai mwaka huo askari wa Kaskazini walifanya mapinduzi yao, na mkuu wa nchi, Jenerali Ironsi, akauawa. Kabla na baada ya hapo, hasa mwezi Mei na tena Septemba hadi Oktoba, maelfu ya watu wa Mashariki waliokuwa wakiishi miji ya Kaskazini waliuawa. Zaidi ya milioni moja walikimbilia kwao Mashariki.

Inafaa kukumbuka kwamba wa kwanza kutaka kujitenga katika siku hizo hawakuwa watu wa Mashariki. Askari wa Kaskazini waliofanya mapinduzi ya Julai 1966 walikuwa tayari kuiondoa Kaskazini katika shirikisho, na Luteni Kanali Yakubu Gowon, katika hotuba yake ya kwanza kama mkuu wa nchi, alikaribia kusema kwamba msingi wa umoja haupo tena. Makatibu wakuu wa serikali ya shirikisho, pamoja na mabalozi wa Uingereza na Marekani, waliwashauri wasifanye hivyo. Kaskazini iliyojitenga isingekuwa na bandari wala mafuta. Baada ya hesabu hiyo, wale waliotaka kuvunja shirikisho wakawa watetezi wake.

Mwezi Januari 1967 viongozi wa kijeshi walikutana Aburi, Ghana, wakakubaliana kupunguza sana mamlaka ya serikali ya kati. Makubaliano hayo yalitafsiriwa tofauti Lagosi na Enugu, na hayakutekelezwa kama upande wa Mashariki ulivyoyaelewa. Tarehe 27 Mei Gowon aligawanya nchi katika majimbo 12. Kanda ya Mashariki ikapasuliwa vipande vitatu. Waigbo wakawekwa katika jimbo la Kati-Mashariki, lisilogusa bahari, na sehemu kubwa ya mafuta pamoja na bandari ya Pot Hakoti ikabaki nje ya jimbo lao. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Mei 1967, Luteni Kanali Chukwuemeka Ojukwu alitangaza Jamhuri ya Biafra. Vita vilianza tarehe 6 Julai.

5.0 Hoja ya Tanzania

Mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kinshasa mwezi Septemba 1967 ulilaani kujitenga na kuliita jambo hilo suala la ndani la Naijeria. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra. Mwezi uliofuata Gaboni, Kodivaa na Zambia zilifuata, na Haiti mwezi Machi 1969. Hakuna nchi nyingine iliyofanya hivyo.

Hoja ya Tanzania ilitolewa katika tamko la serikali la Aprili 1968, na baadaye katika kijitabu ambacho Mwalimu Nyerere aliwagawia wakuu wenzake Adis Ababa mwaka 1969. Kwa muhtasari ilikuwa na hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kwamba dola haipo kwa ajili yake yenyewe. Watu huunda dola na kuitii ili iwalinde, na ulinzi wa uhai ndio wajibu wake wa chini kabisa. Hatua ya pili ni kwamba dola inaposhindwa kuwalinda watu wa sehemu fulani, na wao wenyewe kwa sababu za kweli wakaamini kwamba hawako salama ndani yake, wajibu wao wa kuitii unakwisha. Hapa Tanzania ililinganisha hofu ya Waigbo na ile ya Wayahudi wa Ulaya: hofu hiyo haiwezi kuondolewa kwa kumwambia mwenye hofu kwamba hana sababu ya kuogopa. Hatua ya tatu ni kwamba umoja uliojengwa kwa kuwashinda watu vitani hauwi umoja tena. Mwalimu aliitumia kanuni hiyo kwa nchi yake mwenyewe. Mwezi huo huo wa Aprili 1968 alisema kwamba ikiwa umma wa Zanzibari, bila kushawishiwa na wa nje, ungeuona Muungano kuwa unahatarisha maisha yao, yeye asingeweza kutetea kuwapiga mabomu ili wabaki. Muungano ulikuwa na umri wa miaka minne tu.

Katika hoja hiyo Katanga haikuwa mfano wa Biafra. Katanga ilikuwa na mali iliyotafuta dola ya kuilinda, na Biafra ilikuwa na watu waliotafuta dola ya kuwalinda. Wala Azimio la Kairo halikuvunjwa, kwani Tanzania haikudai ardhi ya jirani wala kusogeza mpaka wa yeyote. Ilichokana ni kwamba mipaka, ambayo huwekwa kwa ajili ya amani baina ya dola, inaweza kugeuzwa kuwa kibali cha dola kuwatendea lolote walio ndani yake.

Kwa hiyo shutuma kwamba Tanzania ilijikana yenyewe haina nguvu nyingi. Udhaifu wa msimamo wake uko mahali pengine, na unaonekana mtu anapotazama ndani ya Biafra yenyewe.

6.0 Walio Wachache Ndani ya Walio Wachache

Biafra haikujitangaza kuwa dola ya Waigbo. Ilijitangaza katika mipaka ya Kanda ya Mashariki, na mpaka huo nao ulikuwa wa kikoloni: Waingereza waliutenga upande wa Mashariki na ule wa Magharibi mwaka 1939 kwa mahitaji ya utawala wao. Takriban theluthi moja ya wakazi wa Kanda hiyo hawakuwa Waigbo. Walikuwa Waibibio, Waefiki, Waijo, Waogoni na wengineo, waliokaa hasa pwani na katika maeneo ya mafuta.

Hofu ya watu hao ilikuwa ya zamani kuliko vita. Mwaka 1957 Waingereza waliunda tume, chini ya Heri Wilinki, ichunguze hofu za makabila madogo ya Naijeria kabla ya uhuru. Ripoti yake ya 1958 ilikiri kwamba hofu hizo zilikuwa za kweli, lakini haikupendekeza majimbo mapya. Mwezi Februari 1966 Aizaki Boro, kijana wa Kiijo, alitangaza Jamhuri ya Delta ya Naija. Ilidumu siku 12 kabla ya kuzimwa. Boro aliona kwamba baada ya viongozi wa Kaskazini kuanguka, watu wake wangebaki chini ya Waigbo. Vita vilipoanza aliachiliwa kutoka kifungoni, akajiunga na jeshi la shirikisho dhidi ya Biafra, na akauawa akilipigania mwaka 1968. Ken Saro-Wiwa, Mwogoni ambaye serikali ya shirikisho hiyo hiyo ilimnyonga mwaka 1995, naye alisimama upande wa shirikisho na akawa msimamizi wa mji wa Boni ulipotekwa.

Kisa cha Boro kinaonyesha ugumu wa hatua ya pili ya hoja ya Tanzania. Ikiwa hofu ya kweli inawapa Waigbo haki ya kuondoka Naijeria, basi hofu ya kweli inawapa Waijo haki ya kuondoka Biafra. Majibu yanayowezekana ni mawili tu. La kwanza ni kukubali kwamba haki hiyo inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye kundi dogo kabisa, jambo ambalo dola nyingi, hata zile zinazojitenga, hazilikubali. La pili ni kuisimamisha haki hiyo kwenye mpaka wa ndani uliochorwa zamani, na hapo mpaka wa kikoloni umerudi tena kujibu swali ambalo hoja ya watu ilitakiwa kulijibu.

Enugu ilichagua jibu la pili kwa Waijo huku ikilikataa kwa Waigbo. Lagosi nayo iligundua nguvu ya jibu la kwanza na kuitumia kama silaha. Kuundwa kwa majimbo 12 siku tatu kabla ya tangazo la Ojukwu kuliwapa watu wa pwani ya Mashariki sababu ya kuipigania Naijeria.

7.0 Kwa Nini Dola Hukataa

Kutokana na kesi hii inawezekana kutofautisha sababu tatu zinazofanya dola zikatae kumegwa. Huchanganywa mara nyingi, ingawa kila moja hufanya kazi kwa namna yake.

Ya kwanza ni mali. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri, katika nchi ya Waijo, mwaka 1956, na kufikia 1967 sehemu kubwa ya mafuta ya Naijeria ilitoka Kanda ya Mashariki. Sababu hii ina nguvu lakini haitoshi. Ethiopia iliishikilia Eritrea kwa miaka 30 ya vita bila kupata mafuta humo. Ilichokihitaji ni bahari. Ikiwa mali ingekuwa ndiyo yote, maeneo maskini yangeachwa yaende zake, na hayaachwi.

Ya pili ni mfano. Serikali ya Lagosi ilihofu kwamba Mashariki ikienda, Magharibi itafuata, kisha Kaskazini yenyewe itapasuka. Hofu hii hukuzwa, lakini haikuwa ya kubuni katika nchi ambamo kanda mbili kati ya nne zilikwisha kukaribia kujitenga ndani ya miezi 12. Wakuu wa nchi nyingine za Afrika walikuwa na hesabu hiyo hiyo kwa nchi zao. Ndiyo maana katika mkutano wa Aljiers mwezi Septemba 1968 nchi zilizoitambua Biafra zilisimama peke yao.

Ya tatu haisemwi sana, na pengine ndiyo ya msingi. Haki ya kuondoka hubadilisha namna ya kujadiliana hata pale isipotumika. Kundi lenye haki ya kuondoka wakati wowote lina kura ya turufu katika kila jambo, na kundi kubwa, likijua hivyo, hukosa sababu ya kuwekeza katika eneo linaloweza kuondoka kesho. Aburi ilionyesha jambo hili. Kila kifungu kilichopunguza mamlaka ya kati kilisomwa Enugu kama kinga na Lagosi kama hatua ya kwanza ya kuondoka. Mapatano ambayo huenda yangewezekana kati ya watu wanaojua kwamba watabaki pamoja hayakuwezekana kati ya watu waliokuwa tayari na mguu mmoja nje. Dola inapokataa katakata kuzungumzia mgawanyo, mara nyingi inajaribu kulizuia hali hiyo isianze.

Sababu hii ya tatu ina upande wake wa pili. Dola inayojua kwamba hakuna awezaye kuondoka haina haja ya kumsikiliza yeyote. Waliouawa Kaskazini mwaka 1966 hawakupata haki mahakamani, na kukataza kujitenga hakukuwalinda. Hapo ndipo nguvu ya hoja ya Tanzania ilipo: katazo lisilo na sharti lolote humpa mwenye dola silaha na kumwacha raia mikono mitupu.

8.0 Baada ya Biafra

Biafra ilisalimu amri mwezi Januari 1970. Makadirio ya waliokufa hutofautiana sana, kuanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni moja, na wengi wao waliuawa na njaa wakati eneo lao lilipozingirwa. Maangamizi yaliyohofiwa baada ya ushindi hayakutokea. Gowon alitangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa, na askari wa Biafra hawakufikishwa mbele ya mahakama za uhaini kwa wingi. Wapinzani wa hoja ya Tanzania waliona hapo ushahidi kwamba hofu ya Waigbo ilikuwa imetiwa chumvi. Lakini hukumu hiyo inapima hofu ya 1967 kwa matokeo ya 1970. Aliyekimbia Kano akiwa amewaacha ndugu zake wamekufa hakuwa na namna ya kujua yatakayotokea miaka minne baadaye.

Sheria iliyofuata ilisogea taratibu kuelekea mahali Tanzania iliposimama, bila kufika. Tamko namba 2625 la Umoja wa Mataifa, la tarehe 24 Oktoba 1970, lilirudia kulinda ukamilifu wa maeneo ya dola, lakini likailinda dola yenye serikali inayowawakilisha watu wake wote bila ubaguzi wa rangi, imani au asili. Mwaka 1995 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri lililoletwa na kikundi kilichotaka uhuru wa Katanga. Iliamua kwamba, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa uvunjaji wa haki wa kiwango cha kutilia shaka ukamilifu wa Zaire, wala wa watu kunyimwa kushiriki katika serikali, Katanga ilipaswa kujiamulia kwa njia isiyovunja dola hiyo. Sharti lililowekwa hapo linakaribia sana lile la 1968: dola hulindwa mradi inatimiza wajibu wake.

Katika matendo, hata hivyo, kilichoamua si sharti hilo. Eritrea ilipiga kura mwezi Aprili 1993 na kukubaliwa, kwa sababu watawala wapya wa Adis Ababa waliokuwa washirika wake vitani waliridhia, na kwa sababu mpaka wake ulikuwa ule wa koloni la Italia. Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 kwa sababu serikali ya Khartumu ilitia saini mapatano ya 2005 yaliyoruhusu kura hiyo. Mpaka uliotumika ulikuwa ule wa tarehe 1 Januari 1956. Somalilandi ilijitangaza tarehe 18 Mei 1991 katika mipaka ya koloni la Uingereza lililokuwa huru kwa siku tano mwaka 1960, ikaendesha serikali yake na uchaguzi wake, lakini kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata haikutambuliwa na mwanachama yeyote wa Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na mpaka na ilikuwa na malalamiko mazito, kwani mji wa Hargeisa uliharibiwa kwa mabomu ya serikali yake yenyewe mwaka 1988. Ilichokosa ni ridhaa ya Mogadishu.

Sudani Kusini inarudisha pia swali la Boro. Mwezi Desemba 2013, baada ya miaka miwili na nusu ya uhuru, vita vilizuka ndani yake, na wengi waliuawa kwa sababu ya kabila lao. Mpaka mpya ulijibu swali la nani kwa kuwatenga wakazi wa kusini na Khartumu. Haukuweza kujibu swali la jinsi watakavyoishi wao kwa wao.

9.0 Hitimisho

Azimio la Kairo na kuitambua Biafra vilitoka katika chanzo kimoja, yaani imani kwamba mipaka ina thamani kwa kadiri inavyookoa maisha ya watu. Mwaka 1964 ilionekana kwamba maisha yataokolewa kwa kutoigusa. Mwaka 1968 ilionekana, kwa watu fulani, kwamba kuishikilia kunawaua. Kilichokosekana ni chombo cha kuamua ni lini hali ya kwanza imegeuka kuwa ya pili. Tanzania ilijiamulia yenyewe kwa niaba ya Biafra, Naijeria ikajiamulia yenyewe dhidi yake, na Waijo hawakuulizwa na yeyote kati yao.

Ikiwa hivyo ndivyo, swali la kama watu wana haki ya kujitenga halikamiliki bila swali jingine: nani, asiye mdai wala mdaiwa, atakayepima madai yao, na kwa ushahidi gani? Tume ya Afrika ililigusa swali hilo mwaka 1995 katika shauri ambalo mdai hakuleta ushahidi.